Kupanga Barabara za Kutengeneza kwa Alama na kwa Hesabu ya Magari: Mfano wa Halmashauri Moja ya Mkoa wa Dodoma

Mwongozo huu ni wa fundi sanifu au mhandisi aliyepewa orodha ya barabara za udongo na changarawe, akaambiwa alete taarifa inayoonyesha ipi itengenezwe kwanza na kila moja ipewe shilingi ngapi. Naandika nikiwa na barabara za wilaya kichwani, zile za mkusanyo, za mlisho na za jamii ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mkoa, ambazo ni za TANROADS, zina mitambo yake ya kupimia na sitaziingia hapa.

Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: sehemu tano za barabara na bajeti ya shilingi milioni 300. Sehemu hizo, alama zake na bei zake nimezitunga kwa ajili ya kufundishia. Ukifanya ya kwako, weka vipimo vyako na bei za wakandarasi wa eneo lako.

Kata barabara vipande kabla ya kupima

Barabara ya kilomita 20 haina hali moja. Kutoka mjini inapita kwenye udongo mwekundu wa kichanga, ikishuka bondeni inaingia mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ikipanda tena inakuta kokoto. Ukiipa alama moja, umepima kitu ambacho hakipo. Ikate pale udongo unapobadilika, pale changarawe inapoishia, na pale njia panda inapopunguza magari. Kwa kawaida utapata sehemu za kilomita 3 hadi 10. Ndani ya kila sehemu, jaza fomu kila baada ya mita 500.

Hizo mita 500 zina kazi kubwa. Sehemu ya kilomita 9 yenye mita 400 za mbuga ambako lori hunasa kila Februari itapata wastani mzuri tu, kwa sababu kilomita nane na ushee zinapitika. Wastani utakuambia barabara ni ya kadiri, na mkazi wa huko atakuambia imefungwa. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo katika taarifa, kila sehemu iwe na alama ya wastani na, kando yake, orodha ya maeneo korofi yenye kilomita yanakoanzia na yanakoishia. Maeneo korofi yatapata fedha kwa njia yake, kama utakavyoona.

Alama za hali ya barabara

Mimi hutumia mambo matano, kila moja likipewa 0 hadi 4. Sifuri ni hakuna kasoro, nne ni pabaya kabisa. Kila jambo lina uzito wake, na jumla inafika 100:

- Mgongo wa barabara: uzito 20
- Mitaro na njia za kutolea maji: 30
- Unene wa changarawe: 20
- Uso, yaani mashimo, mawimbi na vijikorongo: 10
- Vivuko vya maji, yaani makalavati na drifti: 20

Watu wengi hushangaa kuona uso umepewa 10 tu, maana ndio dereva anaoulalamikia. Lakini mawimbi yanayotetemesha gari huondolewa na greda kwa siku moja, na kama mgongo umelala na mitaro imeziba, yatarudi pamoja na mashimo mvua ya kwanza. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe huja kwa kishindo: saa moja ya maji mengi, kisha siku kadhaa za jua. Maji yasiyo na mtaro hupita katikati ya barabara na kuichimba. Ndiyo maana mitaro imebeba uzito mkubwa kuliko yote.

Mgongo usiukadirie kwa macho. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 6 inapaswa kuinuka katikati kwa kiasi cha sentimita 15 kuliko ukingoni, yaani mteremko wa asilimia 5 kwa kila upande. Vuta kamba kutoka katikati hadi ukingo, isawazishe kwa pima maji, kisha pima kwa tepu nafasi iliyo chini ya kamba ukingoni. Ukikuta sentimita 5 au pungufu, maji hayatoki. Ukikuta katikati pako chini kuliko ukingo, barabara yenyewe imekuwa mtaro, ipe 4.

Changarawe ichimbue kwa sululu: kitundu kimoja kwenye njia ya matairi kila mita 500. Tabaka jipya huwa na milimita 150. Likibaki chini ya 50, kuchonga tena ni kuchanganya changarawe na udongo wa chini, na hapo ndipo barabara inapohitaji changarawe mpya.

Ukishaingiza alama kwenye lahajedwali kwa mpangilio huo, safu B hadi F, hesabu ni hii:

```
=(B2*20+C2*30+D2*20+E2*10+F2*20)/4
```

Tuchukue sehemu C ya mfano wetu, kilomita 5 kwenda mashamba ya zabibu. Mgongo 3, mitaro 3, changarawe 4, uso 3, vivuko vya maji 1. Inatoka 15, 22.5, 20, 7.5 na 5, jumla 70. Kumbuka kwamba alama kubwa ni hali mbaya. Andika hivyo juu ya kila jedwali, kwa sababu msomaji wa baraza la madiwani atadhani 70 ni ufaulu.

Pima mara mbili kwa mwaka ukiweza. Septemba au Oktoba unaona unene wa changarawe na umbo. Januari au Februari, kabla makisio hayajafungwa, unaona maji yanapita wapi. Aliyepima kiangazi peke yake ataipa mbuga nyeusi alama nzuri kuliko zote, kwa sababu ikikauka inakuwa ngumu na laini kama sakafu. Dalili yake ni nyufa pana ardhini na mifereji iliyokauka ambayo matairi yaliiacha wakati wa mvua.

Na ukipokea fomu za mtu mwingine, angalia kwanza kama zimejaa 2. Alama ya 2 katika kila kipande cha mita 500, kilomita baada ya kilomita, maana yake mpimaji hakushuka garini. Chagua kilomita chache, mpeleke mtu wa pili azipime bila kuona fomu za kwanza. Tofauti ya jumla utakayoipata kati yao iandike, kwa sababu utaihitaji wakati wa kupanga. Katika mfano wetu tuseme ni alama 8.

Kuhesabu magari

Kosa la kawaida ni kumweka mhesabuji mwanzo wa barabara, karibu na mji. Pale atahesabu bodaboda zote zinazoishia nyumba ya kumi. Mweke katikati ya sehemu, baada ya njia panda ya mwisho.

Kosa la pili ni siku. Vijijini kwetu mnada hubadilisha kila kitu. Hesabu siku ya kawaida na siku ya mnada, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kisha uchanganye kwa uzito wake. Sehemu A ya mfano inakwenda mnadani mara moja kwa wiki: siku ya kawaida ilipata 70, siku ya mnada 310. Wastani ni (6×70 + 310) gawanya kwa 7, yaani 104. Aliyehesabu siku ya mnada peke yake angeandika 310, na A ingeishinda kila barabara ya halmashauri bila haki.

Hizo si idadi ghafi. Nimebadilisha kila chombo kuwa magari linganifu: pikipiki 0.3, gari dogo 1, basi dogo 1.5, lori 3. Ni uamuzi wa mpangaji, uandike wazi katika taarifa. Baiskeli na waenda kwa miguu wahesabiwe pia, ila wawekwe kwenye safu yao, kwani hawaharibu barabara lakini wanaitegemea.

Idadi hiyo igeuze kuwa alama kwa ngazi zinazokua maradufu: chini ya magari 25 ni 20, 25 hadi 49 ni 40, 50 hadi 99 ni 60, 100 hadi 199 ni 80, 200 na zaidi ni 100. Sababu ni kwamba tofauti ya magari 20 na 60 inabadilisha aina ya barabara, lakini tofauti ya 220 na 260 haibadilishi lolote.

Hapa kuna jambo ninaloliona kila mara likidhulumu watu. Barabara isiyopitika haina magari. Ukihesabu magari kwenye njia iliyokatika, utapata machache, utaipa alama ndogo, haitatengenezwa, na mwakani utahesabu machache zaidi. Kwa hiyo weka kanuni moja: barabara ambayo ni njia pekee ya gari kwenda kwenye zahanati au shule, na inafungika kwa mvua, ipewe alama ya magari isiyopungua 60. Itangaze kanuni hiyo kabla ya kupima, siyo baada ya kuona ni kijiji gani kinanufaika.

Zidisha, usijumlishe

Taarifa nyingi huchukua alama ya hali na alama ya magari, zikajumlishwa kwa asilimia. Jaribu kwenye mfano wetu uone. Sehemu D iko pembezoni mwa mji, ina magari 230 na hali nzuri, alama 20 tu. Ukijumlisha nusu kwa nusu inapata 60 na kushika nafasi ya tatu, mbele ya barabara inayofungwa kila masika. Yaani barabara isiyo na tatizo imepanda kwa sababu ina magari.

Kuzidisha kunaondoa hilo: alama ya hali mara alama ya magari, gawanya kwa 100. Barabara isiyo na kasoro haipandi hata ikijaa magari, na barabara mbovu isiyo na mtumiaji haipandi kwa ubovu wake peke yake.

| Sehemu | Km | Hali | Magari | Alama ya magari | Kipaumbele |
|---|---|---|---|---|---|
| C, mashamba ya zabibu | 5 | 70 | 60 | 60 | 42 |
| A, mnadani | 6 | 50 | 104 | 80 | 40 |
| B, zahanati, kupitia mbuga | 9 | 45 | 18 | 60 (njia pekee) | 27 |
| D, pembezoni mwa mji | 4 | 20 | 230 | 100 | 20 |
| E, kitongoji cha mbali | 8 | 85 | 12 | 20 | 17 |

Angalia B. Bila kanuni ya njia pekee ingepata 9 na kuwa ya mwisho. Angalia E pia: ndiyo mbovu kuliko zote, lakini wakazi wake wana njia nyingine ya kufika zahanati, ndiyo maana haikupandishwa.

Kisha jaribu uimara wa mpangilio. C na A zimetofautiana kwa 2. Wapimaji wawili walitofautiana kwa 8 katika alama ya hali, na 8 hiyo ikizidishwa kwa alama za magari za sehemu hizi ni kama 5 au 6 katika kipaumbele. Kwa hiyo C na A zimelingana. Ukibadilishana uzito wa mitaro na uso, mitaro 10 na uso 30, A, ambayo ina mitaro 2 na uso 4, inapanda hadi hali ya 60 na kipaumbele cha 48, wakati C inabaki 42, na nafasi zinageuka. Usiandike kwamba C ni ya kwanza na A ni ya pili kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni. Andika kwamba zote ziko kundi la kwanza, na gharama ndiyo itakayoamua kati yao.

Kugawa fedha

Nafasi kwenye jedwali siyo mgawo. Fedha zigawe kwa matabaka, na kila tabaka likiisha ndipo uende lingine. Bei za mfano kwa kilomita: kuchonga kwepesi na kuzibua mitaro milioni 2, kuchonga kwa kina, kurudisha mgongo na kufungua mitaro, pamoja na maji na kushindilia, milioni 6, kumwaga changarawe milimita 150 milioni 30, tuta la kifusi mbugani milioni 60. Kalavati mstari mmoja milioni 10, drifti ndogo milioni 15.

Kabla ya yote tenga asilimia 5, milioni 15, kwa dharura za mvua. Zimebaki 285.

Tabaka la kwanza ni kulinda kilicho kizima, yaani matengenezo ya kawaida. Sehemu D, kilomita 4, inachukua milioni 8. Iko nafasi ya nne lakini inalipwa kwanza, na lazima ueleze kwa nini: ikiachwa hadi changarawe iishe, kuirudishia ni milioni 120, ambazo ni sawa na miaka 15 ya matengenezo haya. Kilomita 8.6 za B zilizo nzima zinachukua 17.2.

Tabaka la pili ni maeneo korofi. Mita 400 za mbuga katika B zinahitaji tuta, milioni 24, na makalavati mawili, milioni 20. Tuta pekee bila makalavati litakuwa bwawa: maji ya mbuga yanatembea taratibu na mapana, yakizuiwa yatalainisha kifusi kutoka chini. Jumla ya B inafika 61.2.

Tabaka la tatu ni kundi la kwanza, A na C. Vitundu vya A vilionyesha changarawe ya kutosha kwenye kilomita 4, kwa hiyo hizo ni kuchonga kwa kina, milioni 24. Kilomita 2 zimekwisha, changarawe milioni 60. Kalavati moja 10. Jumla 94.

C ingehitaji changarawe kilomita zote 5, milioni 150. Ukijumlisha na zilizotangulia unapata 313.2, na tulizonazo ni 285. Wengi hapa hupunguza kila sehemu kwa asilimia ileile. Usifanye hivyo. Changarawe ya milimita 100 mahali pa 150 inakwisha mapema na mkandarasi anakuwa amelipwa gharama ileile ya kuleta mitambo. Rudi kwenye fomu za mita 500 uulize wapi panaweza kusubiri. Katika C, kilomita 3 ni udongo wa mfinyanzi na 2 ni mchanga wenye kokoto unaobeba lori hata bila changarawe. Hakikisha kwa fimbo ya chuma yenye nyundo ya kudondosha: ikizama taratibu kwa kila pigo, ardhi ina nguvu. Basi kilomita 3 changarawe, milioni 90, na kilomita 2 kuchonga kwa kina, milioni 12. Jumla 102.

Kwa nini C imepunguzwa na si A? Gawanya gharama kwa magari mara kilomita. A inatoka kama shilingi 150,000, C hata baada ya kupunguzwa 340,000. Zikiwa zimelingana kwa kipaumbele, shilingi inafanya kazi zaidi A.

Zimebaki milioni 19.8. Hazitengenezi E, ambayo yote ingetaka 240. Zinajenga drifti moja kwenye korongo linaloikata, milioni 15, na 4.8 zinalipa nguvukazi ya wakazi kufyeka na kuchimba njia za kutolea maji pale yanapokimbia barabarani.

Mgawo kamili: C 102, A 94, B 61.2, E 19.8, D 8, dharura 15. Jumla 300.

Muda wa kazi uwe sehemu ya taarifa

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na kiangazi ndicho kinaanza kukaza. Kuchonga changarawe kavu ya Septemba bila maji ni kutengeneza vumbi; makisio yako lazima yawe na boza la maji na mtambo wa kushindilia, na mkaguzi aulize walikochota. Kazi ya mbugani katika B iishe kabla ya Novemba, maana baada ya mvua mbili greda haliingii. C nayo iishe kabla ya zabibu za msimu wa mvua, ambazo huanza kutoka karibu Februari na Machi.

Kuandika sababu

Kila sehemu ipate aya moja yenye vitu vinne: kilichopimwa, kazi iliyochaguliwa, gharama, na kitakachotokea isipofanyika. Aya ngumu ni ya sehemu iliyokosa, kwa hiyo iandike kwa uangalifu kuliko zote. Kwa E ningeandika hivi:

"Sehemu E ina hali mbaya kuliko zote (85) na inatumiwa na magari linganifu 12 kwa siku. Wakazi wana njia mbadala ya gari kwenda zahanati. Kuitengeneza yote ni milioni 240, sawa na asilimia 80 ya bajeti. Mwaka huu itajengewa drifti kwenye korongo linaloikata na kufunguliwa njia za maji. Magari yahesabiwe tena mwaka mmoja baada ya drifti kukamilika. Yakifika 25, alama yake ya magari itapanda hadi 40 na itapangwa upya."

Diwani wa eneo hilo hatafurahi, lakini atajua ni namba ipi inayomzuia na lini itapimwa tena. Ambatanisha fomu za mita 500 na picha zenye kilomita, ili mwenye shaka aende akapime mwenyewe.

Mwisho wa taarifa weka orodha ya kinachosubiri, kwa mpangilio na bei, ili fedha ikiongezeka katikati ya mwaka isigawiwe kwa simu. Katika mfano wetu, mstari wa kwanza ni changarawe ya kilomita 2 za C zilizochongwa tu. Ikiongezwa kabla mkataba haujasainiwa, nyongeza ni milioni 48. Ikija baada ya kazi ya kuchonga kulipwa, karibu milioni 60 yote itahitajika, kwa sababu changarawe haimwagwi juu ya uso uliokwisha kupitiwa na mvua bila kuuchonga upya.